Nyumba Nzima Inapojikuna Usiku

Tabibu aliyezoea magonjwa ya ngozi hana haja ya darubini ili ashuku upele. Anauliza maswali mawili tu: unawashwa zaidi saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna? Mgonjwa akijibu kwamba mchana anavumilia lakini akishalala hapati usingizi, na kwamba mtoto anayelala naye ameanza vilevile, tabibu ameshapata sehemu kubwa ya jibu kabla hajashika mkono wa mtu. Mbu hawaumi kwa mpangilio huo. Vipele vya joto havihami kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama yake na kutoka kwa mama kwenda kwa msaidizi wa kazi. Fangasi huambukiza, lakini hukaa mahali pamoja pakiwa na duara lenye ukingo. Upele ndio unaotembea ndani ya nyumba kwa kufuata vitanda.

Anayeusababisha ni kijidudu chenye miguu minane, jamaa wa kupe, ambaye jike lake halifikii hata nusu milimita. Jike hilo likishapandwa hutoboa tabaka la juu la ngozi na kuchimba kijishimo kinachokwenda mlalo, kama fuko chini ya shamba, likitaga mayai mawili au matatu kwa siku huku likisonga mbele. Huishi humo mwezi mmoja, pengine miwili, bila kutoka. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na wanaotoka humo huwa wakubwa kamili ndani ya wiki mbili hivi. Wanaume na majike machanga hutembea juu ya ngozi, na hao ndio wanaovuka kwenda kwa mtu mwingine ngozi zinapogusana kwa muda wa kutosha: robo saa, dakika ishirini, au usiku mzima kitandani. Kupeana mkono msikitini au kanisani hakutoshi, isipokuwa kwa mgonjwa wa aina moja kali nitakayoieleza baadaye.

Wengi hushangaa kusikia jinsi wadudu wenyewe walivyo wachache. Mtu mzima mwenye afya, aliyejaa vipele kuanzia vidoleni hadi matakoni, kwa kawaida ana vijidudu kumi hadi kumi na tano tu mwilini mwake. Vile vipele mamia havina mdudu ndani. Ni hasira ya mwili dhidi ya mate, mayai na kinyesi cha hao wachache. Muwasho wote ni kazi ya kinga ya mwili, na kinga hiyo huchukua muda kumtambua mgeni. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua upele, muda huo ni wiki nne hadi sita.

Hapo ndipo familia nyingi zinaposhindwa. Kwa wiki hizo nne hadi sita mtu ana vijidudu, vinachimba, vinataga, na anaweza kumwambukiza anayelala naye, wala hahisi kitu. Hana kipele hata kimoja. Ukimuuliza kama anawashwa, atasema hapana, na atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo orodha ya wanaojikuna haiwezi kuwa orodha ya wenye ugonjwa, na nyumba inayomtibu anayejikuna peke yake inamwacha mdudu kwa wale waliotulia.

Chukua nyumba moja ya Tandika, Dar es Salaam, ambayo mkasa wake unafanana na wa nyumba nyingi za uswahilini. Wanaishi humo watu saba: baba, mama, bibi mzaa baba, kijana wa kidato cha pili anayesoma bweni, mdogo wake wa darasa la tatu, mtoto mchanga wa miezi minane, na dada wa kazi. Vyumba ni viwili na sebule. Wavulana wanalala kitanda kimoja kijana akiwa likizoni, mtoto mchanga analala kati ya wazazi wake, na dada wa kazi analala na bibi.

Kijana alirudi likizo ya Juni akiwa anajikuna. Alisema ni maji ya kisima cha shule, na hakuna aliyemhoji zaidi. Aliporudi bweni mwezi wa saba, mdogo wake ndiyo kwanza akaanza kuamka usiku. Mama alimpeleka duka la dawa, akauziwa krimu ya fangasi iliyochanganywa na steroidi. Siku nne za mwanzo wekundu ulipungua, na mama akaamini amepata dawa. Kumbe krimu ya namna hiyo huzima hasira ya ngozi bila kumuua mdudu, na mdudu akiachwa bila upinzani hustawi. Vipele vilipoibuka upya vilikuwa vimefika kwenye kitovu, kiunoni na katikati ya mapaja. Kwa wakati huo mama mwenyewe alikuwa anajikuna chini ya matiti, mtoto mchanga ana malengelenge kwenye nyayo na viganja, na dada wa kazi, ambaye humbeba mtoto mgongoni kutwa, alikuwa anajikuna kwa siri jikoni akiogopa kufukuzwa.

Mama akapewa chupa ya benzili benzoeti, ile dawa nyeupe kama maziwa ambayo vituo vyetu vinaiita BBE, akampaka yule wa darasa la tatu. Mtoto akapata nafuu ya kweli, akalala. Wiki ya tatu akaanza tena kujikuna, na safari hii muwasho ulikuja haraka mno, siku chache tu baada ya kulala kitanda kimoja na mama yake. Hilo nalo lina sababu. Mwili ukishamjua mdudu mara ya kwanza haumsahau. Akirudi, muwasho hauchelewi mwezi tena, unaanza ndani ya siku moja hadi nne. Mama akaona dawa imeshindwa. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, ila mtoto aliyepona alirudishwa kwenye nyumba yenye ugonjwa.

Walipofika zahanati, tabibu hakuanza na mtoto. Baada ya shikamoo na marahaba ya bibi, aliomba kuona mikono ya kila mmoja aliyekuja, akiipanua vidole chini ya mwanga wa dirisha. Alichokuwa anakitafuta ni mstari mdogo wa kijivu uliopinda, mrefu kama punje ya mchele au pungufu, wenye nukta nyeusi mwishoni. Mstari huo ni kijishimo chenyewe, na nukta ni mdudu. Hupatikana katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono upande wa ndani, kwenye kiwiko, kwapani, kuzunguka chuchu za mwanamke, na kwenye uume na pumbu za mwanamume. Kwenye ngozi nyeusi iliyokwaruzwa sana mstari hauonekani kirahisi, na tabibu huyu alitumia njia ya zamani: alichora kwa wino wa kalamu juu ya mahali aliposhuku katikati ya vidole vya mama, akasubiri kidogo, akafuta kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu ulitoka. Uliobaki ulikuwa umeingia kwenye kijishimo, ukaacha uzi mwembamba wa buluu uliojipinda. Mama aliutazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni uchafu, dokta?"

"Si uchafu, mama. Ungeoga mara tatu kwa siku ungekuwa nao vilevile. Maji na sabuni havimfikii huko alikojichimbia. Baba watoto hajambo?"

"Hajambo, yeye hana kitu."

"Basi na yeye anapaka."

Sentensi hiyo ndiyo yenye ubishi kuliko zote katika matibabu ya upele. Baba wa nyumba hiyo alikataa. Hawashwi, ana kazi ya usiku, na dawa inanuka. Wengi wanafanana naye, na si kwa ubaya. Kumwambia mtu mzima ajipake dawa ya ugonjwa asiouona kunahitaji maelezo, na vituoni maelezo hayo mara nyingi hayatolewi: mgonjwa anapewa chupa moja na foleni inasonga. Nina hakika chupa nyingi za BBE nchini zinamwagika bure kwa sababu hiyo, kwa kuwa chupa moja ya mililita 100 inatolewa kwa mtoto mmoja, na mtoto mmoja anarudi kulala na watu watatu. Mhudumu anayeandika dawa ya upele anapaswa kuuliza mnalala wangapi, kisha aandike kwa hesabu hiyo. Na wewe mgonjwa usiondoke dirishani bila kuitaja.

Wanaohesabiwa ni wote wanaolala chini ya paa hilo, pamoja na wale wanaogusana ngozi na mgonjwa kwa muda mrefu hata kama wanalala kwingine: mchumba, shangazi anayebeba mtoto mchana, mlezi, msaidizi wa kazi. Dada wa kazi asiachwe nje wala asitimuliwe. Ukimfukuza amekwenda na ugonjwa usiotibiwa, na aliyebaki ndani ya nyumba anao uleule.

Familia ya Tandika ilichagua Ijumaa jioni, kwa sababu Jumamosi baba hakuwa na zamu na watoto hawakuwa na shule. Walipewa BBE ya asilimia 25 ya kupaka jioni tatu mfululizo. Kwa mtoto wa darasa la tatu tabibu aliagiza ichanganywe na maji kiasi sawa kwa sawa, maana ikiwa kali humchoma mtoto, naye hatakubali usiku wa pili. Mchanga alipewa marhamu ya salfa, nayo jioni hizohizo tatu. Vituo vingine hutoa krimu ya permethrini ya asilimia 5, ambayo haichomi sana, hupakwa usiku mmoja, huachwa mwilini saa 8 hadi 14, kisha hurudiwa baada ya wiki. Tyubu moja ya gramu 30 hutosha mtu mzima mmoja kwa mpako mmoja. Ukipata hiyo ni bora, hasa kwa mjamzito na kwa mtoto aliyetimiza miezi miwili, lakini bei yake kwa watu saba ni mzigo, na BBE ikipakwa ipasavyo inaponya.

Kupaka ipasavyo ndiko kunakohitaji uangalifu. Watu wengi hupaka palipo na vipele, kama wanavyopaka dawa ya kidonda. Upele haupakwi hivyo. Dawa inaanzia chini ya taya na kwenda hadi nyayo, kila mahali, penye kipele na pasipo na kipele: nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kitovuni, mgongo wote, mpasuko wa matako, sehemu za siri, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu. Kucha zinakatwa kwanza, halafu dawa inasuguliwa chini yake kwa mswaki wa zamani, kwa sababu anayejikuna huzoa wadudu na mayai kwa kucha zake. Mtu hawezi kujipaka mgongo mwenyewe, hivyo watu wanapakana. Kwa watoto wadogo na wazee dawa inafika mpaka kichwani na usoni, ikiepushwa na macho na mdomo, maana kwa umri huo mdudu hupanda hadi huko. Bibi alipakwa hadi utosini.

Ngozi iwe kavu na imepoa. Ukitoka kuoga maji ya moto, subiri, kwani ngozi yenye joto hunyonya dawa ndani zaidi na kuchoma zaidi. Mama mwenye kunyonyesha anafuta chuchu kwa maji kabla ya kumpa mtoto ziwa, kisha anapaka tena. Mtoto mchanga anavalishwa soksi mikononi asijilambe. Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mikono. Mama anampaka kila mtu, anapika, anaosha vyombo, anatawadha, na kufikia saa tatu usiku viganja na vidole vyake, mahali mdudu anapopapenda zaidi, havina dawa hata chembe. Kila unaponawa, paka tena.

Baba hatimaye alikubali, baada ya bibi kumwambia maneno ambayo mama asingeweza kuyasema. Walianza saa mbili usiku, wote kwa pamoja. Usiku mmoja ukipita kati ya mtu na mtu, aliyepakwa anaweza kuambukizwa na asiyepakwa dawa ikishaoshwa, na ndiyo maana jioni inakuwa moja kwa nyumba nzima.

Kufua kulifuata Jumamosi asubuhi. Kuhusu kufua watu hugawanyika: wengine hawafui kabisa, wengine wanachoma magodoro. Ukweli uko karibu zaidi na utulivu. Kijidudu cha upele kikitoka mwilini hakina chakula wala joto, na kwa kawaida hufa ndani ya siku mbili au tatu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtafiti Mwingereza Kenneth Mellanby alifanya majaribio mjini Sheffield akiwa na watu waliojitolea, wengi wao vijana waliokataa kupigana vita kwa sababu ya imani zao. Aliwavalisha chupi walizozivua askari wenye upele na kuwalaza katika mablanketi yao. Wachache sana waliambukizwa. Alipowalaza kitanda kimoja na wagonjwa wenyewe, ugonjwa ulihama. Jeshi la Uingereza wakati huo lilikuwa linapoteza nguvu nyingi kufukiza mablanketi, na kazi yake ikaonyesha kwamba juhudi zile zilistahili kuelekezwa kwenye ngozi za watu.

Hata hivyo uwezekano mdogo si sawa na hakuna, na baada ya kupaka watu sita hakuna sababu ya kuacha mlango hata huo mwembamba. Vinavyofuliwa ni vile vilivyogusa ngozi katika siku tatu zilizopita: mashuka, foronya, kanga na vitenge vya kulalia, taulo, nguo za ndani, fulana, sweta la shule, mbeleko ya mtoto. Sketi iliyokunjwa sandukuni tangu Idi haina kosa. Mdudu na mayai yake hufa kwenye joto la nyuzi 50 yakidumu dakika kumi, kwa hiyo maji yaliyochemka jikoni na kumiminwa kwenye beseni la nguo zilizolowekwa, nguo zikaachwa humo hadi maji yapoe, yanatosha. Penye uhaba wa maji, na Tandika maji hununuliwa kwa dumu, anza na vya kitandani na vya ndani, vingine vianikwe juani na kupigwa pasi ya moto, hasa kwenye mishono na mikunjo.

Blanketi zito, mto, viatu vya raba, begi la shule na mwanasesere wa mtoto havihitaji kufuliwa. Vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, mdomo ukazwe, vikae siku tatu, na kama ni msimu wa baridi na unyevu viachwe wiki nzima, maana kwenye ubaridi mdudu huvumilia zaidi. Godoro litolewe nje, lipigwe jua kutwa pande zote mbili, litandikwe shuka safi. Kupulizia chumba dawa ya mbu hakusaidii, na hewa ile inaumiza kifua cha mtoto.

Kinachotakiwa ni mpangilio wa saa. Baada ya kupaka usiku wa kwanza, kila mtu anavaa nguo safi na kulala kwenye shuka safi. Asubuhi yale yaliyovuliwa yanakwenda kwenye beseni. Jumatatu, baada ya kuosha dawa ya mwisho, mashuka yanabadilishwa tena. Anayefua Jumatano kwa sababu Jumamosi maji yalikatika hajaharibu kitu, mradi zile nguo chafu zilifungwa kwenye mfuko na hakuna aliyezivaa.

Sasa linakuja jambo linalowakatisha tamaa watu waliofanya kila kitu sawasawa. Wiki ya kwanza imepita, na bado wanajikuna. Wadudu wamekufa, lakini maiti zao, mayai na kinyesi vimebaki ndani ya tabaka la ngozi hadi ngozi hiyo ijimenye yenyewe, na kinga ya mwili inaendelea kuvikasirikia. Muwasho wa wiki mbili hadi nne baada ya tiba ni wa kawaida. Kosa linalofanyika hapa ni kupaka BBE kila siku kwa wiki tatu. Dawa hiyo inaunguza, ngozi inakauka, inapasuka na kuwasha kwa sababu ya dawa yenyewe, na mgonjwa anadhani upele umezidi, anaongeza. Ukishamaliza dozi uliyoandikiwa, acha. Losheni ya kalamini inatuliza, na kidonge cha klofeniramini au setirizini usiku, kwa dozi ya umri, kinaleta usingizi. Rudi kituoni iwapo muwasho unaongezeka baada ya wiki mbili badala ya kupungua, au unaona vijishimo vipya na vipele vipya wiki ya nne. Kwa kawaida hiyo inamaanisha kuna mtu hakupakwa, au alipakwa nusu mwili.

Kuna dalili zisizosubiri wiki. Kwa mtoto anayejikuna usiku kucha, kucha hupasua ngozi na kuingiza bakteria, na vipele vinageuka vidonda vyenye usaha na magamba ya rangi ya asali. Hapo anahitaji pia dawa ya kuua bakteria. Baadhi ya bakteria hao wakishapita kwenye ngozi huchochea mwili kuumiza figo. Mtoto mwenye vidonda hivyo akiamka uso na kope vimevimba, au mkojo wake ukageuka rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ile aina kali niliyoitaja huwapata zaidi watu ambao kinga yao imeshuka, wakiwemo wanaoishi na VVU wasio kwenye dawa, wazee dhaifu sana, na waliotumia steroidi kwa muda mrefu. Mikono na viwiko huota magamba mazito ya kijivu, kucha hunenepa, na cha ajabu mgonjwa hajikuni sana. Badala ya vijidudu kumi na tano anaweza kuwa navyo maelfu, hata mamilioni, vinavyodondoka na magamba kwenye kiti na sakafu. Kwake kugusana kwa muda mfupi kunaambukiza, na mashuka yake ni hatari kweli. Huyu hatibiwi kwa chupa ya duka la dawa. Anahitaji hospitali, dawa ya kupaka pamoja na vidonge vya ivermektini.

Ivermektini ndiyo iliyobadilisha sura ya ugonjwa huu kwa jamii nzima. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na miaka miwili baadaye likaitaja ivermektini kuwa dawa muhimu kwa upele. Zanzibar ilikuwa imeshaona jambo hilo kwa njia ya pembeni. Kuanzia 2001 wananchi wa Unguja na Pemba walimeza ivermektini na albendazoli mara moja kwa mwaka ili kutokomeza matende na mabusha, na katika miaka iliyofuata vituo vya afya vikaona wagonjwa wa upele wakipungua sana, ingawa upele haukuwa shabaha ya mpango ule. Visiwani Fiji walijaribu kwa makusudi: walitibu jamii nzima, wagonjwa na wasio wagonjwa, na mwaka mmoja baadaye wenye upele walishuka kutoka takribani 32 katika kila watu 100 hadi wawili. Vidonge humezwa kulingana na uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, na kurudiwa baada ya siku 7 hadi 14 kwa kuwa haviui mayai. Mjamzito hapewi, wala mtoto aliye chini ya kilo 15. Na ivermektini ya sindano ya ng'ombe inayouzwa maduka ya mifugo si mbadala, kama zisivyo mafuta ya breki na dawa ya kuogeshea kupe, ambazo bado watu wanajipaka. Hizo za kupe ni sumu za mishipa ya fahamu, na mtoto mwenye ngozi iliyochubuka huzinyonya haraka.

Nyumba ya Tandika ilibakiwa na mtu mmoja ambaye hakuwepo Ijumaa ile. Kijana wa kidato cha pili alikuwa bwenini, kwenye kitanda cha ghorofa ambacho wanafunzi hubadilishana masweta na kulala wawili wawili msimu wa baridi. Tabibu alimwambia mama ampigie matroni siku hiyohiyo. Mama aliona aibu, akidhani atasemwa kwamba mwanawe ndiye aliyeuleta upele shuleni. Matroni alipopokea simu alisema amekuwa akisikia kitanda zinakwaruzwa tangu mwezi wa tano na hakuna mzazi aliyewahi kumweleza. Bweni lile linalaza wanafunzi arobaini, na wote arobaini walihitaji dawa jioni moja, mashuka yao kuchemshwa kwenye sufuria za jiko la shule, na uongozi kukubali kulipia. Hilo lilichukua wiki mbili za barua na vikao. Mama aliamua kwamba iwapo dawa itachelewa hadi likizo ya Desemba, kijana atapakwa sebuleni jioni atakayofika, kabla hajaingia chumbani kwa mdogo wake.